Mvua na giza la jioni: mpango wa akiba wa picha za harusi za nje Dar es Salaam

Mwongozo huu ni wa mpigapicha aliyeshika kazi ya harusi ambayo tarehe yake haihami. Kanisa au msikiti umeshapangwa, ukumbi umeshalipiwa, bustani imekodiwa kuanzia saa 10 jioni, na kadi ziko mikononi mwa watu. Kati ya ibada na ukumbi unapewa saa mbili, pengine pungufu, za kuwapiga maharusi picha za nje. Mvua ikinyesha ndani ya saa hizo, huna Jumamosi nyingine ya kuwaahidi. Kwa hiyo mpango wa akiba unaandikwa mapema, na unakuwa na saa, mahali na jina la mtu wa kuamua.

Nazungumzia mvua na giza kwa pamoja kwa sababu hapa Dar mara nyingi vinakuja pamoja. Jua letu halizami saa ileile mwaka mzima. Mwezi wa Februari linazama karibu saa 12:50 jioni. Mwishoni mwa Aprili na mwezi wa Mei, na tena Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, linazama kama saa 12 na robo. Hizo ndizo nyakati za masika na vuli. Miezi yenye mvua ndiyo inayokunyang'anya nusu saa ya jioni, na wingu zito likitanda linakunyang'anya robo saa nyingine juu ya hiyo. Ratiba iliyofanya kazi vizuri kwenye harusi ya Februari, ukiinakili ilivyo kwenye harusi ya Novemba, itakukuta gizani.

Hatua ya kwanza: hesabu kuanzia jua linapozama, ukirudi nyuma

Fungua simu uone jua linazama saa ngapi siku hiyohiyo ya harusi, halafu andika ratiba ukitokea hapo. Tuchukue Jumamosi ya mwanzoni mwa Novemba, jua linazama saa 12:17.

Huku karibu na ikweta jua linashuka wima, jioni yetu ni fupi. Dakika ishirini za mwisho kabla ya jua kuzama, mwanga unapungua kwa nusu kila baada ya dakika kama sita. Jua likishazama, unapungua kwa nusu kila dakika tatu au nne. Kwa lugha ya kamera: ukipiga f/2.8 na 1/200, wakati jua linazama kwenye anga safi utakuwa karibu na ISO 1000. Dakika kumi baadaye, kwa mpangilio uleule, umefika ISO 6400 na bado unahangaika. Hizo ni namba za uwanja ulio wazi. Chini ya miembe au kando ya ghorofa ondoa zaidi.

Sasa angalia upande wa jua. Pwani yetu inatazama mashariki. Ukiwa Coco Beach jua linazama nyuma yako, nyuma ya miti na nyumba za Oysterbay, kwa hiyo mchanga unaingia kivulini kabla saa ya kuzama haijafika. Wenye hamu ya picha ya jua likizama ng'ambo ya maji wanatakiwa kuwa upande wa pili wa rasi, kule Slipway, ambako ghuba ya Msasani inatazama magharibi, au Kigamboni ukiangalia mjini ng'ambo ya bandari. Bibi harusi akikuonyesha picha ya machweo na kukwambia tutapiga Coco, mweleze siku hiyohiyo. Jioni Coco inakupa anga laini la rangi ya waridi juu ya bahari, nalo ni zuri sana, lakini jua lenyewe hutaliona.

Hatua ya pili: paa liwe hatua chache kutoka bustanini

Hili ndilo linaloamua zaidi kuliko kamera yoyote. Wapigapicha wengi wakisema wana mpango wa pili, maana yake ni kwamba mvua ikinyesha wataenda sehemu nyingine. Jumamosi jioni, mvua inanyesha, msafara wa magari manne na gari la bendi ya tarumbeta, unatoka Masaki kwenda sehemu nyingine. Foleni inameza saa nzima. Na mvua ikiwa kubwa, bonde la Msimbazi likajaa na barabara ikafungwa pale Jangwani, hata aliyepanga kuvuka kwenda Magomeni anabadilisha njia.

Mahali pa akiba pawe umbali wa kutembea, na bibi harusi akiwa na gauni lake asitumie zaidi ya dakika mbili. Chagua bustani yenye baraza pana, kibanda cha makuti kilicho juu vya kutosha, korido yenye matao, au lobi yenye madirisha makubwa. Nenda ukapaone saa ileile utakayopiga, yaani saa 11 jioni, kwa sababu baraza linalong'aa saa 4 asubuhi linaweza kuwa pango saa 11.

Ukifika, simama ndani ya baraza kama hatua moja kutoka ukingoni, utazame nje. Mwambie msaidizi akupige picha ya uso. Kama mwanga unaingia machoni, hapo ndipo kituo chako cha akiba. Halafu zungumza na meneja, na maswali ni haya: mvua ikinyesha tunaruhusiwa kutumia baraza na lobi bila malipo mengine? Kuna maharusi wengine siku hiyo? Nao wakikimbilia baraza hilohilo, nani ana haki nalo? Swali la mwisho watu hulisahau, na Jumamosi za Desemba bustani moja inaweza kuwa na jozi tatu za maharusi. Majibu yaandikwe kwenye ujumbe au kwenye risiti. Neno la mdomo la mlinzi wa getini halitakusaidia zamu ikibadilika.

Kodisha muda hadi saa 12:30 hata kama unatarajia kumaliza saa 12. Dakika thelathini za mwisho zikiwa zako kihalali, hutafukuzwa wakati anga limegeuka buluu na kazi ndiyo inanoga.

Hatua ya tatu: nani anaamua, na saa ngapi

Mvua ikianza, watu ishirini wanatoa maoni. Shangazi anasema tusubiri, itapita. Dereva anasema twende ukumbini. Mshereheshaji anapiga simu kila baada ya dakika tano. Ukiwaachia wote, nusu saa inaishia kwenye maneno.

Kabla ya siku, chagueni mtu mmoja. Mara nyingi anafaa matroni au msimamizi wa bwana harusi, kwa kuwa wao wako karibu na maharusi muda wote. Bibi harusi mwenyewe usimbebeshe mzigo huo. Kazi ya huyo mtu ni kusema ndiyo au hapana katika nyakati tatu zilizokubaliwa.

Wakati wa kwanza ni Alhamisi jioni. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kama wametoa angalizo la mvua kubwa kwa Dar es Salaam na Pwani, mkubaliane kwamba picha za familia zitapigwa kanisani mara baada ya ibada, hata kama ni kwenye ngazi za mlangoni, ili bustani ibaki na maharusi peke yao. Wakati wa pili ni asubuhi ya harusi, na hapa lengo ni saluni. Saluni inakula mwanga kuliko wingu. Mwambie matroni wazi kwamba kama utabiri ni mbaya, bibi harusi atoke saluni nusu saa mapema, na hiyo nusu saa ndiyo akiba yenu yote. Wakati wa tatu ni mnapotoka kanisani. Hapo hutazami simu, unatazama anga.

Utabiri wa siku unakwambia kama kuna uwezekano. Haukwambii kama itanyesha Oysterbay saa 11:05. Kwa dakika za karibu tumia macho na ngozi. Mvua inayotoka baharini inaonekana kama pazia la kijivu linaloshuka kutoka kwenye wingu na kufuta mstari wa upeo. Kama mstari unaonekana, una muda. Ukianza kufifia, anza kukusanya vitu. Na upepo ukigeuka ghafla ukawa wa baridi na kuvuma kwa vishindo, hesabu dakika chache tu. Wakati huo usimalize "picha moja ya mwisho". Peleka watu barazani.

Radi ina sheria yake, haina mjadala. Ukiona mwako na ngurumo ikafika kabla hujahesabu sekunde thelathini, ondokeni ufukweni na chini ya miti, kaeni ndani ya jengo au ndani ya gari, mpaka dakika thelathini zipite tangu ngurumo ya mwisho. Stendi ya chuma yenye taa juu, kwenye mchanga ulio wazi, ni kitu cha kulaza chini mapema kabisa.

Ujumbe wa kuwatumia kamati unaweza kuwa hivi:

"Habari za leo dada. Kuhusu picha za Jumamosi: jua litazama saa 12:17, hivyo tunaomba maharusi wafike bustanini saa 10:00 na wasizidi saa 10:30. Mvua ikinyesha tutatumia baraza la hapohapo, hatutahama. Tukipoteza zaidi ya dakika 20, makundi ya familia yatapungua yawe sita, na mengine yatapigwa ukumbini. Naomba mtuthibitishie ni nani atakayeamua siku hiyo, na namba yake. Asante sana."

Huo ujumbe ukijibiwa "sawa", umeshakuwa makubaliano. Kwenye mkataba wenyewe ongeza mstari unaosema kinachotokea kama mvua imezuia picha za nje kabisa: kwa mfano, saa moja ya picha za maharusi siku nyingine ndani ya wiki nne, kazi yako bila malipo, ila nguo, saluni na kiingilio cha mahali ni juu yao. Andika pia kwamba advansi hairudi kwa sababu ya mvua peke yake, maana wewe umefika na umefanya kazi. Mambo haya yakisemwa mwezi mmoja kabla yanapokelewa vizuri. Yakisemwa barazani huku watu wameloa, yanaonekana ni tamaa.

Hatua ya nne: panga picha kwa kiu yake ya mwanga

Ratiba nyingi zinapangwa kwa mahali: kwanza chemchemi, halafu mti mkubwa, halafu ufukwe. Siku ya mvua ratiba ya namna hiyo inavunjika mara moja. Panga kwa kiasi cha mwanga ambacho kila picha inahitaji, ukianza na yenye kiu kubwa.

Yenye kiu kubwa ni picha ya kundi. Watu kumi na wawili kwenye mistari miwili wanataka f/5.6 ili wote wawe wazi, na 1/125 au zaidi kwa sababu lazima mtoto mmoja atatikisika. Ukilinganisha na maharusi wawili wanaopigwa kwa f/2.8, kundi linahitaji mwanga mara nne ule, shata ikibaki ileile. Kwa hiyo makundi yanakuja kwanza, hata kama maharusi wanatamani kuanza na zao. Kila kundi hula dakika mbili hadi tatu pamoja na kuitana. Makundi kumi na mawili ni nusu saa. Kuwa na orodha mbili: ndefu na fupi. Ile fupi ina sita tu: wazazi wa pande zote, upande wa bwana, upande wa bibi, wasimamizi, mabibi na mababu, na kundi moja kubwa la wote.

Baada ya makundi zinafuata picha za maharusi za mwili mzima wakitembea, kwa 1/250. Kisha za nusu mwili wakiwa wametulia. Kisha za uso, kwa lenzi ya 50 au 85 iliyofunguliwa f/1.8, ambayo inakuvusha mpaka jua linapozama na dakika chache mbele. Mwisho kabisa ni picha ambazo zinataka giza lenyewe: maharusi mbele ya anga la buluu na flashi, na picha ya mwavuli ndani ya mvua. Ukipanga hivi, kila mwanga unapopungua unakuta picha inayofuata inauhitaji kidogo zaidi.

Hatua ya tano: kupiga ukingoni mwa baraza

Mvua imeanza, mmeingia ndani. Kosa la kawaida ni kuwasimamisha maharusi katikati ya baraza, au kuwaegemeza ukutani. Hapo mwanga wa juu umezibwa, wa pembeni ni dhaifu, na taa za dari za njano zinaingilia. Nyuso zinakuwa na vivuli vya rangi mbili.

Walete mpaka ukingoni, nusu mita hadi mita moja ndani ya mstari wa matone, wakitazama nje. Anga lote la mawingu sasa ni dirisha kubwa linalowaangazia usoni, na paa linazuia mwanga wa kutoka juu ambao siku ya mawingu huchimba macho. Zima taa za dari kama meneja ameruhusu. Wewe simama pembeni kabisa, ndani ya baraza, ukipiga kufuata mstari wa ukingo, ili upande mmoja wa uso upokee nje na mwingine uzame taratibu. Au toka nje, msaidizi akushikie mwavuli, uwapige uso kwa uso huku nyuma yao kukiwa na kiza cha ndani. Picha ya pili ndiyo inayoonyesha gauni vizuri zaidi.

Pima mwanga kwenye ngozi. Gauni jeupe na ngozi nyeusi kwenye mwanga wa wingu vinaweza kukaa pamoja bila kupoteza upande wowote, lakini kamera ikiachiwa yenyewe inaliona gauni, inadhani kuna mwanga mwingi, na uso unakuwa mweusi kuliko ulivyo. Ongeza fidia ya mwanga, mara nyingi kati ya theluthi mbili na stopu moja, kisha angalia kama nakshi za gauni bado zinaonekana.

Jihadhari na miavuli. Mwavuli mwekundu au wa kijani wa kampuni ya simu unapaka uso rangi yake, na rangi hiyo haitoki vizuri kwenye kompyuta. Mweusi unakula mwanga. Nunua miwili meupe mikubwa na miwili ya nailoni inayopitisha mwanga, uiweke kwenye gari kuanzia Oktoba hadi Mei.

Hatua ya sita: mvua isipokoma

Hapa unaweza kupata picha ambayo siku kavu haina, nayo inakuja saa 12 kasoro kidogo kwenda mbele, wakati mandhari ya nyuma imeshakuwa na kiza. Tone la mvua halionekani kwenye picha likiangaziwa kutoka mbele. Linaonekana likiangaziwa kutoka nyuma, dhidi ya kitu cheusi.

Wasimamishe maharusi chini ya mwavuli wa kupitisha mwanga, kwenye vigae au lami, mbele ya miti au ukuta mweusi. Weka flashi ya betri mita mbili au tatu nyuma yao, kimo cha mgongo, iwaelekee wao na wewe, mwili wa bwana harusi ukiificha. Anza na 1/200, f/4, ISO 800, flashi ikiwa kwenye robo ya nguvu. Matone yatang'aa kama shanga, na ukingo wa mwavuli utawaka. Ukiona matone yamekuwa mistari mirefu badala ya vitone, punguza nguvu ya flashi na upandishe ISO: flashi ya kamera ikiwa kwenye nguvu ndogo mwako wake ni mfupi zaidi, kwa hiyo inagandisha. Kwa nyuso tumia flashi ya pili upande wa mbele, nguvu yake iwe ndogo kuliko ya nyuma, ikipita kwenye kisanduku kidogo cha kulainisha. Usitumie mwavuli wa studio nje kwenye upepo, utaangusha stendi juu ya mtu.

Taa ziwe za betri tupu. Taa ya studio yenye waya wa umeme na ekstensheni kwenye vigae vilivyoloa haitoki nje kwa sababu yoyote ile.

Maharusi hawahitaji kuloa. Dakika tano chini ya mwavuli zinatosha kama umeshapima mwanga kwa kumtumia msaidizi. Shuka la zamani au khanga mbili zilizokunjwa chini ya mkia wa gauni, zikifichwa ndani, zinazuia matope kupanda. Bibi harusi avae malapa mpaka dakika ya kupiga, kwa kuwa vigae vya bustani vikiloa vinateleza na viatu virefu ni hatari.

Kiyoyozi, ukungu na chumvi

Tatizo moja la Dar haliandikwi kwenye vitabu vya nchi za baridi. Mnasubiri mvua ndani ya gari lenye kiyoyozi, kamera mapajani. Mvua inakoma, unashuka mbio, na lenzi yote inakuwa nyeupe kwa ukungu. Hewa ya nje ni ya moto na imejaa unyevu, kioo ni cha baridi. Ukifuta, unarudi palepale, na dakika zako kumi za thamani zimeisha.

Kamera isikae kwenye ubaridi. Iache ndani ya begi lililofungwa, buti la gari, au mwambie dereva azime kiyoyozi na kufungua dirisha kidogo robo saa kabla ya kutoka. Ukitoka ukumbini kwenye ubaridi kwenda nje kupiga, hesabu dakika ishirini hadi thelathini za begi kufungwa kabla ya kuifungua. Mwenye kamera mbili aache moja nje, barazani, na mtu wa kuilinda.

Kwa matone, kofia ya plastiki ya kuogea ya hotelini inafunika kamera na lenzi fupi vizuri, na nyingine inafunika flashi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019 huwezi kutegemea kuokota mfuko dukani dakika ya mwisho, kwa hiyo beba kofia hizo tano au sita. Taulo ndogo kavu tatu: moja ya kamera, moja ya mikono, moja ya uso wa bibi harusi, na zisichanganywe. Kofia ya lenzi ya kuzuia jua iwe imefungwa muda wote, inapunguza matone kwenye kioo. Usibadilishe lenzi kwenye mvua. Amua kabla hujatoka barazani.

Jioni moja kwa dakika zake

Turudi kwenye Jumamosi yetu ya Novemba. Bustani ni kuanzia saa 10:00 hadi 12:30, jua saa 12:17, ukumbi uko Mikocheni na maharusi wanatakiwa kuingia saa 1:30 usiku.

Ibada imechelewa, msafara unafika saa 10:40. Mmeshapoteza dakika arobaini, na makubaliano yalikuwa ishirini, kwa hiyo matroni hahitaji kikao: orodha fupi. Saa 10:45 hadi 11:03 makundi matano yanapita, wewe ukitaja kundi linaloingia na msaidizi akiliita linalofuata. Mama mzazi wa bibi harusi anaomba majirani nao wapige. Unamjibu, "Sawa mama, majirani tunawapiga ukumbini mara tu wakifika, nimeshawaandika." Kweli uwe umewaandika.

Saa 11:05 upepo wa baridi. Mstari wa bahari haupo tena. Kundi la sita unaliita barazani, unalipiga ukingoni kwa f/5.6, 1/125, ISO ikiwa 1600. Mvua inashuka. Kuanzia 11:10 hadi 11:35 unapiga maharusi ukingoni: nusu mwili, uso, mikono na pete, bibi peke yake, bwana peke yake. Hizi zilikuwa kwenye ratiba ya baadaye, umezivuta mbele kwa kuwa zinavumilia mwanga mdogo na mahali padogo.

Saa 11:35 mvua inalegea, manyunyu tu. Usisubiri ikauke kabisa. Msaidizi anafuta vigae vya njia kuu kwa ufagio wa mpira, khanga zinaingia chini ya gauni, na 11:40 hadi 12:00 unapiga mwili mzima na wakitembea. Vigae vilivyoloa vinarudisha anga, kwa hiyo shusha kamera mpaka karibu na ardhi upate taswira zao chini. Wingu bado limetanda, namba zako zinasoma kama ingekuwa robo saa mbele: saa 12:00 unapiga kama ungekuwa karibu na 12:15 ya anga safi. Hamia f/1.8. Saa 12:10 toa flashi. Hadi 12:25 piga buluu ya mwisho, picha nne au tano zilizopangwa, basi. Saa 12:30 mko garini, na saa nzima ya foleni mnayo.

Kama saa 11:35 mvua ingekuwa bado inamwagika, mwili mzima ungepigwa kwenye korido au lobi kwa flashi iliyogongwa kwenye ukuta mweupe, na saa 12:00 ungehamia moja kwa moja kwenye mwavuli na flashi ya nyuma. Kitu pekee ambacho kingekosekana ni bustani yenyewe, na hiyo ndiyo saa moja iliyoandikwa kwenye mkataba.

Ukifika ukumbini, kabla ya shughuli kuanza, nakili kadi ya jioni kwenye diski ndogo au kompyuta, maana kamera iliyopigwa na mvua inaweza kugoma usiku uleule. Iliyoingia maji usiiwashe ili kuijaribu: toa betri na kadi, fungua vifuniko, iache mahali pakavu mpaka kesho. Nyumbani, futa mwili wa kamera, stendi na miguu ya tripodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji safi kisha kikavu, kwa sababu upepo wa bahari umeacha chumvi, na chumvi hula skrubu kimyakimya. Miavuli ikaushwe imefunguliwa. Ikikunjwa mbichi inapata ukungu mweusi, na mwavuli mweupe wenye madoa haufai tena kwa harusi ya wiki ijayo.